Hailaiti za saluni: mteja aone huduma, bei, maoni na namna ya kubuku bila kukuuliza

*"Dada habari, nina saluni, kazi kubwa ni nywele halafu kidogo kucha na mekapu. Instagram yangu ina hailaiti 17 na zote zimejaa lakini watu bado wananiuliza bei gani na mnapatikana wapi kutwa nzima. Juzi mteja kaja na bei ya zamani kabisa anasema kaiona kwangu, tukabishana mbele za watu. Na bei mpya niliweka kwenye hailaiti ya nywele miezi miwili iliyopita!! Nizipangeje mtu aone huduma, bei, maoni na jinsi ya kubuku bila kunisumbua?"*

Salama kabisa mdogo wangu. Huyo mteja wala hakukusingizia, aliiona kweli. Hailaiti inacheza kuanzia stori ya zamani kuja kwenye mpya, yaani ile uliyoposti kwanza ndo inayofunguka kwanza na ya juzi inakaa mwisho wa foleni. Sasa kama hailaiti yako ya nywele ina stori themanini na kitu (mwisho wake ni 100 kwa hailaiti moja, na ukisema zimejaa naamini uko karibu hapo), mteja akiigusa anakutana na kazi na bei za siku zile unaanza, anagonga skrini mara tano sita, bei kaipata, katoka zake. Bei mpya iko huko mwisho ambako hamna anayefika. Na usitafute kitufe cha kuivuta mbele, hakipo. Hata wakati wa kuchagua stori ukazitiki kwa mpangilio wako mwenyewe, zikishaingia zinajipanga kwa tarehe na saa ulizoposti.

Halafu huku nje, vile viduara vyenyewe kwenye profaili vinafuata utaratibu wa kinyume. Kiduara ulichokiongezea stori mara ya mwisho ndo kinaruka kwenda kushoto kabisa, cha kwanza kuonekana, vingine vinasukumwa kulia. Kwahiyo ndani ya zamani inatangulia, nje mpya inatangulia. Nakwambia karibu saluni zote ninazoziona zimevurugika kwenye hailaiti ni kwa sababu ya hayo mawili tu, mwenyewe anajaza kila siku akidhani anasasisha kumbe anazika. Makava mazuri ya rangi moja hayasaidii hapo, na najua ndo kitu cha kwanza ulichokuwa unataka kuniuliza, tutakigusa mwishoni kwa dakika mbili.

Tuanze na idadi. Kwenye simu mtu anaona viduara vinne na nusu hivi kabla hajaanza kusogeza, na wengi hawasogezi. Wewe unavyo 17, maana yake kumi na mbili viko gizani. Nataka ubaki na vinne. Najua utasema mbona huduma zangu ni nyingi, lakini angalia maswali ya watu wanaokuandikia, hayazidi manne: bei gani, mnafanya vizuri kweli, nabukuje, mko wapi. Huduma na bei usizitenganishe kabisa. Hili nina msimamo nalo, mtu anayeuliza kama mnasuka twisti ndogo anauliza bei kwa pumzi hiyo hiyo, sasa ukimpa kiduara cha Huduma chenye mapicha halafu cha Bei chenye orodha ya maandishi, anabaki anarudi huku na huku kujua ile picha aliyoipenda ndo ipi kwenye orodha, anachoka, anakuja inboksi. Picha ikae na bei yake juu yake. Na mahali mlipo weka ndani ya kubuku, kwa sababu anayetaka kujua njia ni yule ambaye ameshaamua kuja.

Kwahiyo kwa saluni yako mimi ningeweka hivi, kutoka kushoto: Bei Nywele, Kucha+Uso, Wanasema, Kubuku. Majina mafupi makusudi, maana chini ya kiduara zinaonekana herufi kumi na kidogo tu, zikizidi zinakatwa unabaki na vidoti. "Huduma za kucha" itasomeka "Huduma za…" na haimwambii mtu kitu. Vile vya moyo na moto bila neno navyo toa, wewe unajua moyo mwekundu ni mabibi harusi, mteja mpya atajuaje.

Hivyo 17 vya zamani usiogope kuvifuta. Kufuta hailaiti hakufuti stori zenyewe, zinabaki kwenye Archive yako, wewe tu ndo unaziona. Ila kabla hujafuta ingia kwenye settings uhakikishe Save story to archive imewashwa, na zile kazi unazozipenda sana zipakue kwenye simu kabisa, usiwe na roho juu. Cha kuangalia ni kimoja, kutoa stori kwenye hailaiti ni tofauti na kufuta stori yenyewe kutoka Archive. Ukiifuta kule Archive inapotea kila mahali ilipokuwa imewekwa.

Sasa twende ndani ya Bei Nywele, hapa tukae kidogo maana ndo kulikoleta ugomvi.

Usichukue stori za zamani ukazipanga upya, haitawezekana kwa ile sababu ya tarehe. Unatengeneza slaidi mpya, zote kwenye simu kwanza kabla hujaposti hata moja, ndo unazipandisha kwa mpangilio. Slaidi ya kwanza kabisa ni ya maandishi, inasema bei hizi zinaanza lini na zinahusu nini. Mfano, "Bei za nywele kuanzia mwezi wa 3. Bei ni ya kusuka tu, rasta unakuja nazo au unanunua hapa." Kukosekana kwa hiyo sentensi ya rasta ndo kunaleta nusu ya kelele za saluni zote duniani, mtu ameona bei akajua ni pamoja na nywele, amekaa masaa matano kwenye kiti, wakati wa kulipa anasikia kuna za rasta. Iseme mwanzo, halafu irudie kwa maneno mawili kwenye kila slaidi, kwa sababu slaidi ya kwanza kuna watakaoipita.

Slaidi ya pili ndo ya vipimo. Bei za kusuka zinabadilika kwa urefu na unene, na wewe ukisema "ndefu" na mteja akisema "ndefu" kila mtu ana yake kichwani. Piga picha ya mtu mmoja kwa nyuma, chora mistari mitatu: mabegani, katikati ya mgongo, kiunoni. Juu yake andika fupi, kati, ndefu. Kwa unene fanya hivyo hivyo, shika rasta tatu mkononi karibu na kalamu ya kawaida, moja nyembamba kuliko kalamu, moja inayolingana nayo, moja nene zaidi. Mteja akiiona hiyo picha mara moja anajichagulia mwenyewe na anakuandikia "nataka za kati mpaka mgongoni" badala ya "bei ya kusuka sh ngapi".

Kuanzia ya tatu ni mitindo yenyewe, slaidi moja mtindo mmoja. Picha kubwa ya kazi yako, ya kwako sio ya kuokota mtandaoni maana watu wanazijua, juu yake unaandika jina la mtindo, bei tatu kwa ule urefu wa fupi kati ndefu, muda unaochukua, na "rasta hazimo". Basi. Namba ya simu usiweke hapo, wala emoji za kumwaga, wala maelezo ya historia ya saluni. Picha kwenye stori inakaa sekunde tano hivi ndo inaruka, kwahiyo kipimo changu ni kwamba isome kwa sauti ya kawaida, kama hujamaliza kwa pumzi moja igawe mara mbili. Ni kweli mtu anaweza kubonyeza akashikilia isimame, lakini anayeshikilia ni yule ameshavutiwa, huyu wa kwanza bado.

Mitindo anza na ile inayoulizwa sana, isiwe ile unayojivunia. Kama watu wengi wanakuja kwa mabutu na twisti basi hizo mbele, ile kazi ya mabibi harusi uliyofanya usiku kucha iweke ya saba. Nenda kwenye mazungumzo yako ya wiki mbili zilizopita uhesabu tu nini kimetajwa mara nyingi. Zisizidi kumi na mbili kumi na tano jumla. Na mtindo ambao bei yake kweli haitabiriki, labda kurekebisha kazi iliyoharibiwa kwingine au kutoa rangi iliyokataa, andika "inaanzia" na bei ya chini, halafu useme nini kinaipandisha. "Inaanzia" peke yake bila sababu watu wanaisoma kama mtego, ila "inaanzia hapa, inaongezeka kama nywele zinahitaji kufumuliwa kwanza" inaeleweka na mtu mzima hana ugomvi nayo. Ile ya "bei njoo inboksi" ndo usifanye kabisa kama hutaki kusumbuliwa, maana umewaita mwenyewe.

Kingine kwenye bei, weka tarehe kwenye kila slaidi, maandishi madogo tu pembeni, "bei ya 3/…" na mwaka. Watu wanapiga skrinshoti. Ile skrinshoti inakaa kwenye simu ya mtu mwaka mzima, inatumwa kwa dada yake, dada anakuja nayo kwako. Bila tarehe ni neno lako na lake, mko mbele za watu. Ikiwa na tarehe yeye mwenyewe anaiona na wewe unaongea kwa upole. Na huyo wa juzi, kama ulishamwachia bei ya zamani ulifanya vizuri, ilikuwa imebandikwa kwako.

Upande wa maandishi kukaa vizuri: slaidi tengeneza 1080 kwa 1920, halafu acha wazi pikseli 250 hivi za juu na 340 hivi za chini. Juu kunakaa jina la akaunti yako na ile mistari ya kuhesabu, chini kuna sehemu ya kuandika ujumbe. Saluni nyingi bei ya mwisho kwenye orodha ndo inamezwa huko chini, mteja anaona jina la huduma tu, anakuja kuuliza, na mwenye saluni anasema "si nimeandika?" Ameandika kweli, chini ya kisanduku cha ujumbe.

Kucha+Uso ni utaratibu ule ule kwa ufupi, sina haja ya kurudia. Kwenye kucha tenganisha jeli na akriliki, sema kama bei inabeba kutoa za zamani au hapana, na useme michoro inahesabiwaje, kwa kidole au kwa seti. Kwenye mekapu sema kama kope zimo na kama mnamfuata mteja alipo au anakuja yeye. Slaidi sita saba zinatosha kwa vyote.

Wanasema. Hapa najua mnachofanya wote, mteja akisema "asante dada nimependa" na vimoyo vitatu mnapiga skrinshoti mnatupia, zinafika hamsini zote zinasema asante. Anayesoma hajapata chochote. Maoni ya kuweka ni yale yenye jambo ndani yake, ambalo mteja mpya analiogopa. Wanaogopa nini kwenye nywele? Kuvutwa mpaka kichwa kinauma, kukaa siku nzima, nywele za pembeni kukatika, kazi kufumuka baada ya wiki. Sasa mtu aliyekuandikia "leo wiki ya tano hazijalegea na kichwa hakikuniuma hata siku ya kwanza" huyo ni dhahabu, mweke. Huyo wa vimoyo mshukuru inboksi yaishe.

Namna ya kuyapata hayo ni kuuliza vizuri. Usimwambie mteja "naomba maoni", ataandika asante. Mwandikie baada ya wiki tatu nne, "mambo, zile twisti zimekaaje? kichwa kilikuuma siku za kwanza?" Atajibu kwa habari yenyewe, na we hapo hapo unamuomba ruhusa ya kuweka jibu lake. Ruhusa omba kweli, hata kama ni rafiki. Ukishapewa, ficha jina, picha yake ya profaili na namba juu ya skrinshoti, na uzibe kwa rangi nzito isiyoangaza. Ile brashi ya kalamu ya kuhailaiti inaonyesha maandishi chini yake, mtu akiongeza mwanga wa picha anasoma namba nzima, kwahiyo bora ukate kabisa sehemu ya juu. Maneno yake usiyanyooshe hata kama kakosea herufi, hizo herufi zilizokosewa ndo zinafanya watu waamini.

Slaidi ya maoni iwe na nusu mbili, juu picha ya kazi aliyofanyiwa huyo huyo, chini alichoandika, na mstari mmoja wewe unataja mtindo, "twisti za kati, mgongoni". Mtu akipenda anajua arudi kwenye bei ipi. Weka kumi hivi tu. Na kwa kuwa ya zamani inatangulia, kila ukiongeza jipya chini toa moja la zamani juu: bonyeza kiduara ushikilie, Edit highlight, ondoa tiki, hifadhi. Yale mazito kabisa yaache palepale mbele. Yaani mpangilio unaupata kwa kuchagua nini kinatoka, maana kuhamisha haiwezekani.

Kubuku sasa, na hapa ndo pesa inapotelea kwa sababu mtu kashakubali bei, kashaamini, halafu anaambiwa "piga simu" na namba imo ndani ya picha, haiwezi kukopika wala kubonyezeka. Anaikariri tarakimu nne nne, anarudi kuangalia tena, anaahirisha.

Kwenye Kubuku weka slaidi tano. Ya kwanza inataja nini atume: mtindo na urefu (kwa maneno yale yale fupi kati ndefu), siku, saa, na picha ya nywele zake zilivyo sasa hivi kwa nyuma. Hiyo picha inakuokoa sana, utaona mapema kama kuna kufumua au dawa ya juzi kabla hujampa muda mfupi. Ya pili ndo ya kubonyeza, ina stika ya linki inayomfungulia WhatsApp na ujumbe tayari umeandikwa, anajaza tu. Linki yenyewe inaandikwa hivi:

```
https://wa.me/NAMBA?text=Habari%2C%20naomba%20kubuku.%0AMtindo%3A%0AUrefu%3A%0ASiku%3A%0ASaa%3A
```

Pale kwenye NAMBA weka namba yako ukianza na kodi ya nchi, bila alama ya kujumlisha, bila sifuri ya mbele, bila nafasi. Hizo %20 ni nafasi kati ya maneno, %0A ni kushuka mstari, %2C ni mkato na %3A ni zile nukta mbili. Ukishaiandika ijaribu kwenye simu nyingine kabla hujaiweka popote, ikifungua mazungumzo yako na ule ujumbe umekaa mistari mitano uko sawa, ikisema namba haipo kwenye WhatsApp mara nyingi ni ile sifuri ya mbele hujaitoa. Halafu kwenye stori fungua stika, chagua Link, bandika, na sehemu ya maandishi ya stika andika "Bonyeza kubuku", maana ukiiacha inaandika anwani ya wa.me ambayo wengine wanaiogopa wanadhani ni matapeli. Stika ikae katikati, isibanwe chini.

Kuna kosa moja la hapa linalosumbua watu wiki nzima. Unapakua ile stori yako yenye stika, mwezi ukiisha unaiposti tena, stika unaiona ipo kabisa kwenye picha, lakini ni picha tu sasa, haibonyezeki. Kila ukiposti upya lazima uweke stika mpya kwa mkono. Kwahiyo tunza ile slaidi tupu isiyo na stika, usitunze iliyopakuliwa.

Ya tatu ni advansi na kuchelewa, kwa lugha ya kawaida: unalipa kiasi gani kushika nafasi, ukiahirisha siku moja kabla inahamia siku nyingine au inapotea, ukichelewa dakika ngapi nafasi anapewa mwingine. Sheria utaamua mwenyewe, mimi ninachotaka ziandikwe kabla mtu hajalipa, na ziwe tatu. Ya nne namna ya kujiandaa, njoo umeosha na kukausha au mnaosha hapo, kwenye kucha njoo bila rangi na kadhalika. Ya tano ni njia. Piga video moja, wewe mwenyewe unatembea kutoka sehemu ambayo kila mtu anaijua mpaka mlangoni, simu mkononi, unaongea tu "ukishuka hapa unaliacha hili jengo kulia…" mpaka unagusa mlango. Stori moja inabeba mpaka sekunde 60 bila kukatwa, zinatosha. Weka na stika ya eneo juu yake, ikibonyezwa inaleta ramani. Ukihama au ukibadilisha rangi ya mlango rudia video.

Sasa siku ya kupandisha. Ukitupa slaidi arobaini siku moja wafuasi wako watakukimbia, na huwezi kuposti ukafuta haraka, maana stori ukiifuta na kwenye hailaiti inaondoka. Wala usijaribu kuwaficha watu kwa muda. Stori uliyoposti kwa Close Friends hata ukiiweka hailaiti wataiona hao hao tu, na wewe kwako itaonekana kawaida kabisa usijue kwanini wateja wapya wanakwambia kiduara hawakioni. Posti kwa kila mtu, saa ambazo watu wako wametulia, na kiduara kimoja kwa siku.

Anza na kile unachotaka kikae kulia. Siku ya kwanza Kubuku, ya pili Wanasema, ya tatu Kucha+Uso, ya nne Bei Nywele. Siku ya nne ikiisha vitakuwa vimejipanga vyenyewe Bei Nywele ikiwa kushoto kabisa. Ndani ya siku posti slaidi moja, subiri ipande mpaka mwisho, ndo uposti inayofuata, hasa kama kuna video katikati, ukizirusha zote pamoja na mtandao ukalegea zinaweza kupishana na ukishapishana hamna kurekebisha ila kurudia.

Baadae ukiongeza maoni, Wanasema itaruka kushoto. Ikikukera, fungua Bei Nywele kwa Edit highlight, ongeza stori yoyote kutoka Archive, hifadhi, itarudi mbele, kisha itoe ile stori. Mimi kama ni siku moja mbili huwa naiacha, ila bei isikae nyuma ya skrini wiki nzima.

Na bei ikipanda, tafadhali sana usiongeze slaidi ya bei mpya mwishoni, huko ndo tulikotoka. Ikiwa ni mtindo mmoja umepanda na uko mwisho wa mpangilio, toa slaidi yake uposti mpya, sawa. Ikiwa ni wa katikati unaweza kuutoa na kuuposti upya, utahamia mwisho, kama haikuudhi iache. Ikiwa ni bei zote, futa kiduara kizima na urudie mlolongo kwa slaidi zenye tarehe mpya. Ndo maana nakwambia zile slaidi tupu zitunze kwenye folda moja ya simu, unabadilisha namba na tarehe, nusu saa umemaliza. Na slaidi za zamani za bei usiziache kwenye Wanasema au popote zimejificha kama sehemu ya picha, pitia kiduara kwa kiduara.

Makava, kama nilivyoahidi. Unaweza kuweka picha kutoka galari moja kwa moja wakati wa Edit highlight, huna haja ya kuiposti stori kwanza. Kiduara ni kidogo kama ukucha, maandishi hayasomeki humo, weka kitu kimoja kikubwa katikati: msuko uliopigwa karibu sana, ukucha mmoja, alama ya nukuu, kalenda. Rangi zako mwenyewe.

Ukimaliza mpe simu mtu ambaye hajawahi kuja saluni kwako, awe ameingia kwa akaunti yake sio yako, akutafutie bei ya twisti za kati mpaka mgongoni, halafu abuku. Usimuelekeze, kaa kimya umuangalie kidole. Akigonga kiduara akarudi nje bila kupata, jina au mpangilio wa hicho kiduara una tatizo. Akifika kwenye slaidi sahihi halafu akasogeza simu karibu na macho, maandishi ni madogo. Ujumbe wa kubuku ukiingia kwako na mistari yake yote, vile 17 sasa unaweza kufuta.